Roboti inatafutaje kitu ulichokitaja kwa mdomo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaojaribu jambo moja: kuweka mkono wa roboti na kamera juu ya meza, kusema kwa Kiswahili "niletee kikombe chekundu", na kuona mkono ukienda kwenye kikombe kile, si kwenye kingine. Mimi hufanya majaribio yangu kwa vyombo vya jikoni, kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya sufuria, mwiko na mbuzi ya nazi. Ukiwa na meza ya karakana au rafu ya dawa, njia ni ileile.

Kati ya kusema kwangu na mkono kunyanyuka, kinatokea nini hasa?

Sauti inaingia kwenye maikrofoni na kugeuzwa kuwa maandishi. Kutoka kwenye maandishi hayo tunachomoa jina la kitu na sifa zake, kama rangi, ukubwa na mahali. Kamera inapiga picha moja. Modeli ya picha na lugha inapewa picha hiyo pamoja na maneno, nayo inarudisha visanduku: kila kisanduku kina pembe zake kwenye picha na alama inayoonyesha jinsi kilichomo kinavyofanana na maneno. Kamera ya kina inatuambia kitu kilicho ndani ya kisanduku kiko mbali kiasi gani. Kwa hesabu fupi tunapata nukta katika nafasi, tunaihamisha kutoka kwenye macho ya kamera hadi kwenye kitako cha mkono, ndipo mkono unakwenda.

Hizo ni hatua tano au sita, na kila moja inaweza kukosea kimyakimya huku inayofuata ikiendelea kana kwamba hakuna kilichoharibika. Mengi yaliyoandikwa hapa chini yanahusu kugundua ni hatua ipi iliyokosea.

Kwa nini nisitumie kigunduzi cha kawaida kilichofundishwa orodha ya vitu?

Ukitaka vitu vilivyomo kwenye orodha yake, kitumie. Ni chepesi na cha haraka. Shida ni orodha yenyewe. Vigunduzi vingi vinavyopakuliwa bure vimefundishwa kwa mkusanyo wa picha uitwao COCO, wenye aina 80 za vitu. Humo utapata kikombe, kijiko, kisu, bakuli na chupa. Hutapata sufuria, wala mwiko, wala ungo. Kuongeza kitu kimoja kunakulazimu kupiga picha nyingi, kuzichorea visanduku na kufundisha upya.

Modeli ya picha na lugha haina orodha iliyofungwa. Msingi wake ulijulikana sana kwa CLIP, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2021, iliyojifunza kutoka picha milioni 400 pamoja na maelezo yake. Ilijifunza kuiweka picha na sentensi inayoieleza karibu karibu, kila moja ikiwa safu ya namba. CLIP yenyewe inatazama picha nzima na haisemi kitu kiko wapi. OWL-ViT ya Google (2022), mdogo wake OWLv2 (2023) na Grounding DINO (2023) ndizo zilizoligeuza wazo hilo kuwa visanduku. Mimi hutumia OWLv2, na kuiita ni mistari michache:

```python
from transformers import pipeline

tafuta = pipeline("zero-shot-object-detection",
                  model="google/owlv2-base-patch16-ensemble")
majibu = tafuta(picha, candidate_labels=maneno, threshold=0.1)
```

Naweza kuiandikia modeli Kiswahili moja kwa moja?

Itakubali, na itakujibu. Hapo ndipo mtego ulipo. Upande wa maandishi wa modeli hizi ulilelewa zaidi kwa Kiingereza. Ukiandika `sufuria`, neno linakatwa vipande ambavyo kwa modeli havina maana yoyote, lakini bado linageuzwa kuwa namba, na namba hizo zitakuwa karibu na kitu fulani kwenye picha. Utaona kisanduku, na pengine kitaangukia sufuria kwa sababu sufuria ndicho kitu kikubwa zaidi mezani. Utafurahi bure.

Njia rahisi ya kujipima ni hii: ipe modeli neno lako la Kiswahili, kisha uipe neno la kubuni lisilo na maana, mfano `brakonti`, kwa picha ileile. Kama visanduku na alama vinakaribiana, modeli hailijui neno lako.

Zipo modeli zilizofundishwa kwa lugha nyingi, kama SigLIP 2 ya Google ya mwaka 2025. Hizo zinafaa kupima upya vipande vya picha vilivyokwisha kukatwa, yaani kuuliza "kati ya vipande hivi vitatu, kipi kinafanana na neno hili?" Lakini kwa kutafuta visanduku, bado naona ni salama zaidi kuwa na kamusi ndogo ya mkono inayotoka neno la Kiswahili kwenda maelezo ya Kiingereza.

Kwa nini kamusi ya mkono, wakati tafsiri ya mashine ipo?

Kwa sababu ya mbuzi.

Siku ya kwanza nilipoweka mbuzi ya nazi mezani nilitumia tafsiri ya mashine. Nikasema, "Nionyeshe mbuzi ya nazi." Maandishi yalitoka sawasawa. Tafsiri ikamtoa mnyama, ikaipelekea modeli neno `goat`. Juu ya meza kulikuwa na mbuzi yenyewe, yaani kile kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, pamoja na kifuu, ungo, sufuria mbili, kikwaruzo cha jibini na taulo jeupe lenye manyoya. Mkono ukaenda kwenye taulo. Kwa upande wake modeli haikukosea: kati ya vyote vilivyokuwapo, taulo lile ndilo lililokaribia zaidi mnyama mwenye manyoya.

Jaribio la pili nililitafsiri mwenyewe kwa jina ambalo Waingereza hukiita kifaa cha kukunia nazi. Modeli ikakiacha kigoda, ikanionyesha kikwaruzo cha bati cha jibini. Nayo ina sababu: katika picha nyingi za mtandaoni, neno la kukwaruza huambatana na kipande cha bati chenye matundu.

Kilichofanya kazi ni kuacha jina na kueleza umbo, kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kuingia jiko la pwani: kigoda kifupi cha mbao, chenye ulimi wa chuma wa mviringo wenye meno. Kisanduku kikakaa juu ya mbuzi, kikaendelea kukaa hata nilipoigeuza. Tangu hapo kila neno la nyumbani nalieleza kwa umbo, kwa malighafi na kwa sehemu zake:

```python
KAMUSI = {
  "mbuzi ya nazi": ["a low wooden stool with a round serrated metal blade"],
  "kata":    ["a coconut shell ladle with a long handle"],
  "mwiko":   ["a flat wooden cooking paddle", "a long wooden spoon"],
  "sufuria": ["a round aluminium cooking pot without handles"],
}
```

Neno moja linaweza kuwa na maelezo mawili au matatu. Chukua alama kubwa kati ya hayo. Ila usirefushe mno. OWLv2 inapokea vipande 16 tu vya maneno kwa kila swali, na maelezo marefu kuliko hapo hayapokelewi yote. Weka kinachokitofautisha kitu mwanzoni.

Maneno ya kuangalia kwa makini ni yale yenye maana mbili. Kata inaweza kuwa chombo au amri ya kukata. Kaa ni mkaa, kiumbe wa baharini au amri ya kukaa. Nyanya ziko sokoni, na nyanya yuko nyumbani. Tafsiri ya mashine inachagua maana moja bila kukuambia. Kamusi ya vitu vilivyopo mezani haina maana ya pili ya kuchagua.

Upande wa sauti je? Kiswahili kinaeleweka?

Kinaeleweka vizuri kiasi, kwa masharti. Wengi wetu tunaanza na Whisper ya OpenAI, iliyotoka mwaka 2022. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini sehemu ya Kiswahili ndani yake ilikuwa ndogo mno. Toleo dogo litakuandikia maneno ya kila siku, likifika kwenye "kifuu" au "kibia" linaandika kinachofanana nacho. Matoleo makubwa ni bora, na bora zaidi ni toleo la kati au dogo lililofundishwa zaidi kwa rekodi za Kiswahili ambazo watu wamejitolea kuzisoma kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla.

Mambo mawili yanasaidia mara moja. La kwanza, taja lugha mwenyewe, usiiache modeli ikisie, kwa sababu amri ya maneno matatu ni fupi mno kwa kukisia. La pili, ipe msamiati wa vitu vyako kwenye `initial_prompt`:

```python
tokeo = modeli.transcribe("amri.wav", language="sw",
    initial_prompt="mwiko, kata, sufuria, mbuzi ya nazi, kifuu, ungo")
```

Halafu kuna kimya. Whisper ikipewa sauti isiyo na mtu anayesema, mfano feni au maji yanayochemka, huweza kubuni sentensi nzima. Kwa roboti hiyo ni hatari: hakuna aliyeamuru, na mkono unanyanyuka. Weka kwanza kichujio kinachotambua kama kuna usemi, Silero VAD ni chepesi na kinatosha, kisha uweke neno la kuita roboti kabla ya amri. Na kama jina lililoandikwa halimo kwenye kamusi, roboti iulize tena. Isitafute.

Mtu akisema tu "nipe kile chekundu", bila kutaja kitu?

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi, na inanisikitisha kuona programu nyingi zikiitupa wakati wa kutafsiri. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inabaki na rangi tu. Kwa Kiswahili, "kile chekundu" tayari imesema kitu kiko kwenye ngeli ya ki-vi: kikombe, kijiko, kisu, kifuniko, kinu. Sahani nyekundu iliyopo pembeni imeshaondoka kwenye hesabu, maana ingekuwa "ile nyekundu". "Lile jeusi" ni birika, bakuli au beseni. "Ule" ni mwiko, mfuniko au ungo.

Na kwa mbuzi, ngeli inamaliza ubishi kabisa. "Mbuzi yule" ni mnyama. "Mbuzi ile" ni ya kukunia nazi.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye kamusi: ngeli ya kila kitu. Amri ikija bila jina, soma kiwakilishi au kiambishi cha sifa, tafuta vitu vyote vya ngeli hiyo kwenye picha, kisha uchuje kwa rangi. Rangi yenyewe naipima kwa pikseli za ndani ya kisanduku badala ya kuiachia modeli, kwa sababu modeli ikiona kikombe cheupe kando ya kitambaa chekundu huweza kukipa kikombe rangi ya jirani yake.

Lakini usiifanye ngeli kuwa mlango wa kufunga. Watu wengi wa bara, Nairobi kwa mfano, watasema "ile kikombe" na wataeleweka na kila mtu, na Kiswahili cha Lubumbashi kina upatanisho wake. Iwe ni uzito unaoongezwa kwenye alama: kitu cha ngeli inayolingana kinapanda, kisicholingana kinashuka kidogo tu.

Vivyo hivyo kwa hiki, hicho na kile. Msemaji akisema "hiki", kitu kiko upande wake. Akisema "kile", kiko mbali na yeye na roboti pia. Kama unajua msemaji amekaa upande gani wa meza, tumia umbali huo kupanga visanduku.

Alama ya 0.3 ina maana gani? Ni asilimia 30 ya uhakika?

Hapana. Ni kipimo cha kufanana ambacho kila neno lina mizani yake. Kikombe kinachoonekana vizuri kinaweza kupata alama ya juu, na mwiko uliolala kando yake, unaoonekana vizuri vilevile, ukapata nusu ya hapo, kwa sababu tu maelezo yake si ya kawaida. Ukiweka kizingiti kimoja, yaani alama ya chini kabisa unayoikubali, kwa vitu vyote, utamkosa mwiko kila siku au utamruhusu kila mgeni aitwe kikombe.

Weka kizingiti kwa kila neno. Piga picha za meza yako, tuseme 100, nusu zikiwa na kitu hicho na nusu zikiwa hazina. Zile zisizo nacho ndizo muhimu zaidi, na ndizo watu wanazosahau. Angalia alama ya juu kabisa ambayo modeli ilitoa wakati kitu hakipo, kisha weka kizingiti juu ya hapo. Kama kwa kufanya hivyo unapoteza picha nyingi ambazo kitu kipo, rekebisha maelezo kwenye kamusi, usishushe kizingiti.

Msaada mwingine ni kuuliza maneno ya wapinzani kwa wakati mmoja. Pamoja na mwiko, uliza pia kisu, kijiko cha chuma, mkono wa mtu na ukingo wa meza. OWLv2 inapima kila neno peke yake, kwa hiyo kisanduku kimoja kinaweza kupata alama mbili. Kikipata alama kubwa zaidi kama mkono wa mtu kuliko kama mwiko, kitupe.

Roboti lazima iwe na jibu la "kitu hicho sikioni". Na alama mbili zikikaribiana, kwa mfano 0.31 na 0.27, isichague. Iseme: "Naona vikombe viwili, kimoja karibu na birika na kingine ukingoni. Nichukue kipi?" Watu hawachukii kuulizwa hivyo. Wanachochukia ni kuona mkono ukienda kusikotakiwa.

"Kikombe kilicho kulia kwa birika." Modeli inaelewa kulia?

Usiitegemee. Modeli za aina ya CLIP zinashika majina na rangi, lakini mahusiano ya mahali yanazipita. Ukiandika kulia au kushoto, visanduku vitakuwa karibu vilevile. Tafuta kikombe na birika kila kimoja kivyake, kisha ulinganishe nafasi zao kwa hesabu.

Kabla ya hesabu, amua kulia kwa nani. Mtu aliyekaa mkabala na roboti, kulia kwake ni kushoto kwa kamera. Mimi natumia upande wa msemaji siku zote, na roboti inarudia kwa kutaja kitu: "Kile kilicho upande wa dirisha?" Neno "nyuma ya" nalo lina utata uleule, na hapo unahitaji umbali kutoka kamera ya kina, picha peke yake haitoshi.

Kisanduku kimekaa sawa kabisa, lakini mkono unashika hewa. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na karibu kila mara kosa liko baada ya modeli. Tuhesabu mfano mmoja hadi mwisho.

Picha ina upana wa pikseli 1280 na kimo cha 720. Kamera ni ya kina, aina ya RealSense D435, na kwa ukubwa huo wa picha ya rangi tuseme imetuambia kuwa fx na fy, yaani urefu wa fokasi ya lenzi kwa pikseli, ni 910, na katikati ya picha, cx ni 640 na cy ni 360. Modeli imetoa kisanduku cha kikombe kutoka (742, 388) hadi (838, 492). Katikati yake ni u = 790, v = 440. Kina, yaani Z, kimesomeka mita 0.640.

```
X = (u - cx) * Z / fx = 150 * 0.640 / 910 = 0.105
Y = (v - cy) * Z / fy =  80 * 0.640 / 910 = 0.056
```

Kikombe kiko sentimita 10.5 kulia kwa mhimili wa kamera, 5.6 chini yake, na 64 mbele. Upana wa kisanduku ni pikseli 96, yaani 96 × 0.640 ÷ 910, karibu sentimita 6.8. Hiyo ni saizi ya kikombe. Usiache kamwe kufanya hesabu hii ya mwisho: kama "kikombe" kimetokea na upana wa sentimita 31, kuna kitu kimeharibika, iwe ni jina au kina, na roboti isimame. Pia inakuambia kama vidole vitatosha. Kishikio cha Robotiq 2F-85 kinafunguka milimita 85, kwa hiyo kikombe hiki kinaingia, sufuria haiingii na italazimu kushikwa ukingoni.

Sasa tuseme pikseli ya katikati ilipita kwenye tundu la mpini, ikasoma meza ya nyuma, mita 0.710. Mkono utakwenda sentimita 7 mbele zaidi ya kikombe na utafunga vidole hewani. Ndiyo maana hatusomi kina cha pikseli moja. Tunakata umbo la kitu ndani ya kisanduku, kwa modeli kama SAM ya Meta, kisha tunachukua kina cha kati cha pikseli zote za umbo hilo, tukiacha sifuri, maana sifuri ni pikseli ambazo kamera haikupata jibu:

```python
z = kina[umbo]
z = z[z > 0]
Z = np.median(z) * 0.001   # milimita kuwa mita
```

Hakikisha pia picha ya kina imelinganishwa na ya rangi. Kwenye kamera hiyo ni lenzi tofauti zilizopishana, na pikseli (790, 440) ya moja si (790, 440) ya nyingine.

Kama hayo yote yako sawa, tazama kosa lina tabia gani. Mkono ukikosa kwa upande uleule na umbali uleule kila mara, tatizo ni vipimo vya kamera dhidi ya kitako cha mkono. Rudia upimaji kwa ubao wa miraba na `cv2.calibrateHandEye`. Ukishika vizuri katikati ya picha na kukosa zaidi kadiri unavyokwenda pembeni, fx na fy si za ukubwa huo wa picha. Mara nyingi mtu amechukua za picha ya 1920 × 1080, ambazo ni kubwa mara moja na nusu. Kosa likirukaruka bila mpangilio, ni kina.

Na kuna moja la OWLv2 yenyewe. Modeli hii huongeza nafasi tupu chini ya picha ili iwe mraba. Matoleo ya zamani ya maktaba ya transformers yalirudisha visanduku bila kuihesabu nafasi hiyo, kwa hiyo kitu kilichoko v = 440 kinaonekana kiko kama 247. Upande wa kulia na kushoto uko sawa, wa juu na chini umebanwa. Ukichora visanduku juu ya picha utaliona kwa jicho mara moja. Sasisha maktaba, au tumia urefu wa upande mkubwa kwa pande zote mbili.

Sufuria zangu zinang'aa na kina chake ni mashimo matupu. Nifanye nini?

Kamera za aina hii zinalinganisha picha mbili za infraredi. Alumini iliyosuguliwa inaonyesha vitu vingine badala ya uso wake, na glasi inapitisha. Unapata mashimo, au mbaya zaidi, kina cha kitu kilichoakisiwa. Inua kamera itazame kwa mshazari badala ya wima, na uondoe taa iliyo moja kwa moja juu. Kama bado, tumia ukingo wa sufuria badala ya tumbo lake, au chukua kimo cha meza unachokijua na uongeze kimo cha sufuria kutoka kwenye kamusi. Sufuria iliyopikiwa kuni, yenye masizi, ina shida ya upande wa pili: nyeusi mno hairudishi mwanga. Kwa hiyo nayo nategemea ukingo.

Kwa nini nisitumie modeli kubwa inayosoma sentensi nzima na kutoa kisanduku yenyewe?

Unaweza, na kwa amri ndefu kama "sufuria ndogo iliyofunikwa na sahani" zinashinda. Qwen2.5-VL na PaliGemma zinafanya hivyo. Bei yake ni mbili. Zinahitaji kompyuta yenye GPU kubwa, na zinatoa kisanduku bila alama ya kuaminika, kwa hiyo ni vigumu kujua lini zimekisia. Mimi hutumia kigunduzi kwanza, kisha nampa modeli kubwa vipande vya picha pale visanduku viwili vinapobishana.

Ukitumia PaliGemma, kumbuka inaandika y kabla ya x, kwa mizani ya 1024. Kikombe chetu kingetoka hivi:

```
<loc0552><loc0594><loc0700><loc0670> cup
```

Namba ya kwanza ni juu, ya pili ni kushoto. Mtu akigeuza, mkono unakwenda kwenye kona nyingine kabisa ya meza kwa uhakika mkubwa.

Mfumo kama huu unafanikiwa mara ngapi nje ya meza ya majaribio?

Kipimo ninachokiheshimu ni cha OK-Robot, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha New York na Meta ya mwaka 2024. Waliunganisha modeli zilizokuwapo tayari, ikiwemo OWL-ViT na SAM, kwenye roboti ya Stretch, wakaipeleka kwenye nyumba 10 halisi kuchukua na kuweka vitu vilivyotajwa kwa maneno. Ilifaulu asilimia 58.5, na asilimia 82 walipoondoa msongamano wa vitu. Tofauti hiyo inasema mengi: vitu vikirundikana, kisanduku kinashika vitu viwili, na vidole havipati pa kuingilia. Kabla ya kubadili modeli, jaribu kutenganisha vyombo kwa upana wa vidole vya roboti.

Roboti imekosea mbele ya wageni. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kumbukumbu, na kama huzihifadhi, anza leo. Kwa kila amri weka faili ya sauti, maandishi yaliyotoka, maneno yaliyopelekwa kwenye modeli, picha yenye visanduku na alama zake, thamani ya Z, na nukta ya mwisho mkono ulipoambiwa uende. Yafungue kwa mpangilio huohuo. Sikiliza sauti kwanza kwa masikio yako mwenyewe, maana mara kadhaa nimetumia jioni nzima kwenye kamera, kumbe maandishi yalisema "kifuniko" na mimi nilikuwa nimesema "kifuu".